"Futa hii, mama asione": jinsi ya kusoma mesaji za mtu mzima anayemfundisha mtoto wako kuficha

Mtu mzima anaweza kumwandikia mtoto kwa sababu nyingi za haki: masomo, kwaya, mpira, habari za ukoo. Karibu hakuna hata moja kati ya hizo inayomlazimu kumwambia mtoto afute maandishi. Ndiyo maana katika mwongozo huu nashika alama moja tu, ile ya siri. Alama nyingine, kama zawadi, sifa, au kuandikiana usiku, peke yake zinaweza kuwa na maelezo mazuri. Mkubwa anayembebesha mtoto siri juu ya mazungumzo yao hana maelezo mazuri mengi, na mzazi ana haki ya kuyadai yote siku hiyohiyo.

Nasema "mkubwa" kwa makusudi. Watoto wawili wa miaka kumi na minne wakifichiana habari zao na wazazi, hilo ni jambo la umri wao na lina njia zake. Hapa nazungumzia mtu aliyevuka miaka kumi na minane anayemwandikia aliye chini yake. Mara nyingi si mgeni wa mbali aliyejificha nyuma ya profili ya uongo, ingawa nao wapo. Ni mtu mnayemjua: mwalimu wa masomo ya nyumbani, mpiga gita wa kanisa, jirani wa avenyu, binamu wa baba. Hapa Lubumbashi mtoto amefundishwa tangu mdogo kwamba mkubwa akisema, unatii, na mtu huyo anautumia utii huo bila kuwa na haja ya kupandisha sauti.

Siri haiingii siku moja

Tuchukue mfano. Nimeutunga mwenyewe, hakuna familia iliyo nyuma yake, lakini hatua zake ndizo hatua ambazo watu hawa hufuata.

Binti ana miaka kumi na mitatu, yuko kelasi ya nane, anajiandaa kwa mtihani wa TENASOSP. Anakaa Bel-Air, katika komini ya Kampemba, na simu anayotumia ni ile ya zamani ya mama yake. Kijana mmoja wa miaka ishirini na tisa anafundisha watoto wa kartie masomo ya jioni, naye amefungua grupu ya WhatsApp ya kutuma mazoezi. Watoto wote wanamwita yaya. Mambo yanaanza kwenye grupu, mbele ya watu wote: "Umejibu vizuri kuliko wote." Kesho yake anahamia pembeni: "Nakuandikia huku, kule kuna makelele mingi."

Hapo bado hakuna kosa. Mwalimu yeyote anaweza kusema hivyo. Mzazi anayesoma mesaji hiyo aiweke tu akilini, kwa sababu ndiyo siku mazungumzo yalipotoka mahali penye mashahidi.

Siku chache baadaye: "Nimekutumia mega. Usiambie wenzako, watasikia wivu." Soma mesaji hii polepole, maana ni ya akili sana. Inaonekana kama huruma kwa wale wengine, na haimtaji mama hata kidogo. Kwa kweli ni kipimo. Yule bwana anataka kujua jambo moja: je, mtoto huyu anaweza kushika siri ndogo? Kama kesho hakuna aliyemuuliza juu ya mega, amepata jibu. Mtoto naye tayari amepokea kitu na amenyamaza, kwa hiyo siku ya kutaka kusema ataogopa kuulizwa, "Kwa nini hukusema siku ile ya kwanza?"

Kisha yanakuja maswali juu ya nyumba. "Mama analala saa ngapi?" "Simu inabaki na nani usiku?" "Baba anarudi lini kutoka Kolwezi?" Katika mazungumzo ya kawaida mtu huuliza, "Mama hajambo?" Kuuliza saa za mama ni kutafuta nafasi isiyo na mlinzi. Kwangu mimi maswali haya yana uzito kuliko maneno ya mapenzi, kwa sababu yanaonyesha mpango.

Jioni moja binti anagombezwa kwa sababu ya vyombo, anamwandikia yaya kwa hasira. Jibu linakuja haraka: "Mama yako hakuelewi. Mimi nakuelewa. Wewe unawaza kama mutu mukubwa." Hapo ndipo mzazi anapotolewa kwenye nafasi yake. Ugomvi wa vyombo ungekwisha asubuhi, lakini sasa una mtu anayeutunza.

Baada ya hapo ombi la siri linataja mama wazi: "Futa yote kila siku. Mama akiona, atanikataza kukufundisha, na mtihani utaanguka." Angalia mzigo ulivyohamishwa. Mkubwa ndiye aliyeandika, lakini atakayepoteza mwalimu na mtihani ni mtoto. Katika hatua ya mwisho mzigo unakuwa tisho: "Ukisema, watanifunga, na itakuwa juu yako." Au, kama mtoto alishatuma picha, "Nitaituma kwa wote." Kati ya hapo na mesaji ya kwanza inaweza kupita wiki tatu, inaweza kupita mwaka. Wapo wanaokwenda haraka sana, hasa wale wa mtandaoni wanaotaka picha au pesa: wanaweza kumaliza hatua zote usiku mmoja.

Siri na jambo la kushtukiza

Wazazi wengine huuliza: je, shangazi akimwambia mtoto asiseme juu ya keki ya sikukuu ya mama, naye tumshuku? Hapana. Jambo la kushtukiza lina siku yake ya kufunguliwa, watu wengine wakubwa wanalijua, na likifunguliwa anayefurahi ni yule aliyefichwa. Siri ninayoizungumzia haina mwisho, inajulikana na wawili tu, na ikifunguka anayeumia ni mkubwa.

Kuna hali moja inayohitaji hekima zaidi. Mtoto anaweza kumweleza mwalimu au mtumishi wa kanisa kwamba nyumbani anapigwa, na mtu huyo asikimbilie kumwambia baba. Huenda anamlinda. Tofauti yake utaiona: mtu huyo atatafuta mkubwa mwingine wa kusaidia, atashika maandishi badala ya kuyafuta, wala hatamwomba mtoto afiche jina lake.

Kuangalia simu: tafuta kilichokosekana

Mazungumzo yaliyofundishwa kujificha mara nyingi hayana maneno ya kusoma. Kwa hiyo usianze kwa kutafuta maneno mabaya. Anza na matundu.

Fungua WhatsApp, tazama orodha ya miito. Namba inayopiga kila jioni dakika arobaini, lakini ukurasa wake wa maandishi ni mweupe, inastahili swali. Gusa jina ufikie namba yenyewe. Watoto huandika "Esther kelasi" juu ya namba ya mwanaume, na wakati mwingine ni huyo mwanaume aliyewaambia waandike hivyo. Linganisha namba hiyo na zile za watu mnaowajua.

Kisha ingia ndani ya mazungumzo. Simu nyingi za hapa ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo nayataja maneno kama yanavyosomeka kwenye skrini. "Messages éphémères" ni mpangilio unaofanya mesaji zijifute zenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Ukiwashwa, katikati ya mazungumzo hubaki mstari mdogo unaosema nani aliuwasha. Kama ni mkubwa aliyeuwasha kwa saa 24 katika mazungumzo na mtoto, mstari huo peke yake unatosha kumwita na kumuuliza, ukishashika ushahidi. Alama ya 1 ndani ya duara maana yake picha, video au vokali iliyotumwa kuonekana au kusikilizwa mara moja tu. Na mistari mingi ya "Ce message a été supprimé" upande wake inaonyesha mtu anayesafisha nyuma yake.

Vuta orodha ya mazungumzo kwenda chini uone kama kuna "Archivées" au "Discussions verrouillées". Hiyo ya pili hufunguka kwa alama ya kidole au namba ya siri. Ujue mpaka wake: WhatsApp inaruhusu kuificha kabisa kwa neno la siri, na hapo hutaiona hata ukitafuta saa nzima. Mwisho tazama "Appareils connectés". Kama kuna kompyuta au simu ambayo si ya nyumbani kwenu, kuna mtu anayesoma kila kitu mtoto anachoandika, na hata onyo lako ataliona.

Nje ya WhatsApp, soma SMS za kawaida. Watu husahau kuzifuta. Mega au yunite iliyotumwa na mtu huleta SMS, na pesa ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money huja na jina la mtumaji, kiasi, saa na namba ya muamala. Katika mfano wetu, mama alianza kushuku kwa njia hii: binti alikuwa mtandaoni kila usiku na nyumbani hakuna aliyenunua mega.

Kama ulimwahidi mtoto kwamba hutafungua simu yake, usiifungue kwa kumvizia akilala, isipokuwa unaona hatari ya usiku huohuo. Mwambie, "Leo nataka tuangalie simu pamoja," na mkae wote wawili. Mtoto aliyeviziwa hujifunza kuficha vizuri zaidi, na mwalimu wa kumfundisha hilo tayari anaye.

Jioni ya kuzungumza

Hapa ndipo wazazi wengi wanaharibu, na kwa mapenzi. Wanapiga kelele, wananyang'anya simu, wanampigia yule mtu na kumtukana. Katika dakika kumi yule mtu amejua, ameanza kufuta kwa pande zote mbili. WhatsApp inamruhusu kufuta mesaji alizotuma kwa muda wa siku mbili na zaidi kidogo. Na mtoto ameona kwamba alichoambiwa ni kweli: mama akijua, dunia inaanguka.

Chagua nafasi ambapo hamtatazamana uso kwa uso sana, mkichambua sombe au mkitembea kwenda dukani. Anza na sentensi inayoondoa adhabu kabla ya swali: "Mwanangu, sitakugombeza kwa chochote kilichoandikwa, hata kama ulijibu, hata kama ulituma picha." Useme hayo tu kama utayashika. Halafu uliza juu ya siri, usiulize kwanza juu ya mapenzi: "Kuna mukubwa aliyekuambia usiniambie kitu?" Ni swali ambalo mtoto anaweza kulijibu kwa kichwa tu, bila kutamka neno la aibu.

Akisema ndiyo, maswali yako yawe mafupi na ya wazi. "Alisema nini?" "Kisha?" Usimwekee maneno mdomoni, kama vile, "Alikushika, si ndiyo?" Maelezo yake yanaweza kuja kuhitajika mbele ya mahakama, na wakili wa upande wa pili atatafuta neno lolote lililotoka kwako. Usimrudishe kueleza mara tatu kwa baba, kwa shangazi na kwa mchungaji. Asikie mtu mmoja, aandike alichosikia usiku huo, kwa maneno ya mtoto mwenyewe, na tarehe juu.

Akisema hapana na macho yanasema ndiyo, mwache. Mwambie mlango uko wazi, na utaje mtu mwingine anayeweza kumwambia, nyanya au dada mkubwa. Binti wa mfano wetu alikataa siku ya kwanza. Siku ya tatu alimuuliza dada yake kama ni kweli mtu anaweza kufungwa kwa ajili ya mesaji. Hilo lilikuwa jibu.

Na wavulana je? Hatua ni zilezile, ila aibu yao ni kubwa zaidi, na baba husema, "Huyu ni mwanaume, atajitetea." Mvulana anayetishwa na mtu mwenye picha yake hajitetei. Ananyamaza, anaiba pesa nyumbani kumlipa, na akilipa mara moja ataombwa tena. Mwambie asilipe.

Kushika ushahidi kabla ya kugusa chochote

Weka simu kwenye "Mode Avion" ili amri ya kufuta isiingie. Mesaji za saa 24 zitaendelea kuhesabu saa zao hata bila mtandao, kwa hiyo fanya haraka. Chukua simu nyingine, piga picha ya kila ukurasa kuanzia mwanzo wa mazungumzo, saa na tarehe zionekane. Fungua pia ukurasa wa mawasiliano unaoonyesha namba kamili, maana jina hubadilishwa kwa sekunde moja. SMS za pesa na mega zipige vilevile. Usimfungie yule mtu na usimripoti kwa WhatsApp kabla hujamaliza.

Kuna kitu kimoja usikipige picha wala kukituma kwa mtu yeyote, hata kwa mchungaji, hata kwa wakili: picha ya mtoto akiwa uchi. Iache ndani ya simu ilipo, zima simu, uipeleke kwa polisi. Ukiituma hata kwa nia njema, umeisambaza. Kama ilishatoka au mtu anatisha kuitoa, kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya shirika la NCMEC la Marekani, iliyo pia kwa Kifaransa: takeitdown.ncmec.org. Inatengeneza alama ya picha ndani ya simu yako, picha yenyewe haiondoki, na mitandao inayoshiriki, kama Facebook, Instagram na TikTok, hutumia alama hiyo kuizuia. Haiwezi kuona ndani ya mazungumzo ya WhatsApp.

Kama kulikuwa na kukutana

Ukijua kwamba mtoto alikutana naye na aliguswa kingono, acha simu kwanza, nenda hospitali. Dawa za kuzuia VVU zinafaa zikianza ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutumika hadi saa 120. Kama ni tukio la karibuni, asioge wala kufua nguo alizovaa. Omba daktari aandike hati ya uchunguzi.

Kwenda kushitaki

Polisi ya taifa ina kitengo cha kulinda mtoto na kuzuia jeuri ya kingono. Kwenye komisariati uliza kitengo hicho kabla hujaanza kueleza mbele ya foleni nzima. Unaweza pia kuandika mashtaka moja kwa moja kwa parke. Peleka karatasi moja yenye mpangilio wa tarehe, picha zako, na simu. Uliza namba ya PV na uiandike.

Watakuja watu wa kusema, "Tusikilizane kifamilia." Wataleta pesa, mbuzi, au wazo la kumwoza binti. Uwajibu kwa sheria. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inakataza ndoa yake, na inamwadhibu mkubwa anayemgusa kingono hata kama mtoto "alikubali". Na tangu sheria za Julai 2006, mpolisi hana ruhusa ya kufunga kesi ya jeuri ya kingono kwa kutoza amande.

Kama mmegundua mapema, mesaji ziko kwenye mega na maswali ya saa za mama tu, huenda polisi wasiwe na la kufanya bado. Una mengi ya kufanya mwenyewe. Mwendee mwalimu huyo pamoja na mzazi wa mtoto mwingine, umwambie kwamba mazungumzo yote ya masomo yatabaki kwenye grupu, na mzazi mmoja ataongezwa humo. Waombe wazazi wengine watazame simu za watoto wao. Mwalimu mwenye nia safi ataona aibu kidogo, atakubali. Yule mwingine atakasirika, atasema anavunjiwa heshima, au ataanza kumtafuta mtoto kwa njia nyingine.

Ndiyo maana, baada ya kumfungia, ingia kwenye "Confidentialité", kisha "Groupes", uchague "Mes contacts", ili namba mpya isimwingize mtoto kwenye grupu bila ruhusa. Badilisha namba ya siri ya simu, ondoa kila "appareil" usiyoijua. Na mpatane na mtoto kwamba namba ngeni ikiandika, "Ni mimi, nimebadilisha namba," hajibu, hafuti, analeta simu kama ilivyo.